Kuipa Jina Programu ya Simu: Mfano Kutoka Mgololo

Mgololo iko katika wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa, na wengi huijua kwa kiwanda chake cha karatasi. Katika nyanda hizo kuna mashamba makubwa ya paini na mikaratusi, na kando yake kuna vijishamba vingi vya wakulima wadogo. Mkulima mdogo mara nyingi huuza miti yake ingali imesimama. Mnunuzi hupita shambani, hutazama, kisha hutaja bei. Na mkulima asiye na kipimo hana hoja ya kumjibu.

Tuseme basi kwamba wanafunzi wa kidato cha tano wa sehemu hizo wametunga programu ya simu ya kumsaidia mkulima huyo. Mkulima anaingiza kipenyo cha mti kilichopimwa meta 1.3 kutoka ardhini, anaingiza na urefu wa mti, na programu inamkadiria ujazo wa shina. Hesabu yenyewe si ngumu. Eneo la duara la shina huzidishwa kwa urefu, kisha kwa kizio cha umbo, ambacho tutakichukua kuwa 0.5, kwa sababu shina huchongoka kadiri linavyopanda. Mti wenye kipenyo cha sentimeta 30 na urefu wa meta 20 hutoa takriban meta za ujazo 0.7. Programu imejaribiwa na inafanya kazi. Kilichobaki ni jina.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hii ni kazi ya dakika tano. Lakini tumfikirie mkulima aliyesikia habari za programu hiyo mnadani. Hakuliona jina limeandikwa, amelisikia tu. Jioni anafungua Play Store, anaandika anavyokumbuka, na mbele yake inatokea orodha. Ikiwa programu anayoitafuta haimo katika mistari ya kwanza, kwake yeye haipo. Na ikiwa juu yake ipo nyingine yenye jina linalofanana, ataichukua hiyo. Katika makala hii tutayapima majina manne ya programu hiyo moja, tuone kila moja linaangushwa na nini.

Jina la kwanza ambalo wanafunzi wangelitaja bila shaka ni "Mbao". Ni fupi, linaeleweka, na linahusu jambo lenyewe. Ubaya wake ni kwamba kila mtu amekwisha kulitumia. Mashine ya kutafutia haielewi nia ya mwandishi. Kazi yake ya msingi ni kulinganisha herufi alizoandika na maneno yaliyomo katika majina na maelezo ya programu, kisha kuzipanga programu hizo kwa kuzingatia pia ni ngapi zimepakuliwa na zimesifiwa kiasi gani. Anayeandika "mbao" anaweza kuwa anatafuta bei za mbao, au fundi seremala, au habari za Mbao FC ya Mwanza. Huko Kenya, katika lugha ya mitaani, mbao ni shilingi ishirini. Tena ukiondoa herufi moja tu ya mbele unapata "bao", na hapo unaingia katika michezo ya bao na ya kandanda. Programu changa, isiyo na watumiaji hata mia, itakaa chini ya msongamano huo wote.

Maneno ya Kiswahili yana hatari nyingine ambayo waandishi wa programu wa kwetu huisahau: mengine yamekwisha kuchukuliwa na watu wa mbali. Anayetunga programu ya tiketi za mabasi na kuiita "Safari" atakuta kwamba tangu mwaka 2003 neno hilo ni jina la kivinjari cha kampuni ya Apple, nacho kimo katika kila simu ya iPhone. Anayewatungia mafundi ujenzi programu iitwayo "Jenga" atajikuta kati ya michezo ya kupanga vijiti vya mti. Mchezo huo ulizinduliwa London mwaka 1983 na Leslie Scott, aliyekulia Afrika Mashariki na kuokota jina hilo katika Kiswahili cha utotoni mwake. Leo ni alama ya biashara iliyosajiliwa katika nchi nyingi. Neno lililo la kawaida kabisa kwetu lilikuwa geni huko London, na ndiyo sababu lilifaa kuwa jina huko. Kwetu mambo ni kinyume: neno la kila siku halimtambulishi mtu yeyote.

Kabla ya kuliacha jina la kwanza, tuangalie tabia moja ya Kiswahili inayoathiri utafutaji. Lugha za Ulaya aghalabu hubadilisha maneno mwishoni. Ndiyo maana mbinu za zamani za kutafuta maandishi zilijengwa juu ya kukata miisho. Kanuni mashuhuri za Martin Porter za mwaka 1980, kwa mfano, zilitungwa kwa ajili ya miisho ya maneno ya Kiingereza. Kiswahili hubadilisha neno mbele. "Mti" na "miti" yanaachana kuanzia herufi ya pili. "Gogo" na "magogo" yanaachana kuanzia ya kwanza. Vivyo hivyo "pima", "kipimo", "vipimo" na "upimaji" ni ndugu wa tumbo moja kwetu, lakini kwa mashine inayosoma kutoka kushoto huenda yakawa wageni wanne. Hali hiyo huonekana wazi pale sanduku la kutafutia linapobashiri neno mtu akiwa ameandika herufi mbili tatu tu. Si busara, kwa hiyo, kutegemea kwamba duka litajua mti na miti ni kitu kimoja. Njia ya salama ni kuliweka umbo moja katika jina na jingine katika maelezo.

Sasa jina la pili. Wanafunzi, kwa kuipenda sehemu yao, wanapendekeza "Mgololo". Neno hili ni adimu, na hapo limelishinda lile la kwanza. Lakini lina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba anayelisikia atafikiri programu ni ya kiwanda cha karatasi, na mkulima anayebishania bei ya miti ana sababu ya kutaka kujua kipimo anachokishika ni cha nani. Ya pili inahusu masikio, na inatuingiza katika hesabu kidogo.

Wengi wetu hubadilishana sauti za r na l katika usemi. Anayebadilisha l kuwa r ataandika "Mgororo". Je, hilo ni kosa dogo au kubwa? Mwaka 1965 mwanahisabati wa Kisovieti, Vladimir Levenshtein, alitoa kipimo cha jambo hili. Umbali kati ya maneno mawili ni idadi ndogo kabisa ya hatua zinazohitajika kuligeuza la kwanza liwe la pili, na hatua zinazoruhusiwa ni tatu tu: kuongeza herufi, kufuta herufi, au kubadilisha herufi moja iwe nyingine. Kutoka "Mgololo" hadi "Mgororo" tunabadilisha l mbili. Umbali ni 2. Neno lina herufi 7, kwa hiyo msikilizaji amepoteza zaidi ya robo ya jina bila kujua kwamba amekosea. Mashine za kutafutia zina uwezo wa kusamehe makosa, lakini msamaha wake huwa mwembamba, hasa kwa neno ambalo hazijalizoea.

Mwalimu anaweza kulipima jambo hili darasani kwa imla. Jina linasomwa mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, tena ikiwezekana kwa simu kutoka chumba cha pili. Wasikilizaji kumi waandike walichosikia, na wasiwe wale waliolitunga jina. Kisha darasa lihesabu umbali wa kila jibu kutoka jina lenyewe na kutafuta wastani. Kwa kawaida yangu, jina ambalo watu chini ya wanane kati ya kumi wameliandika sawasawa huliacha, hata kama ni zuri. Sauti za kuangaliwa ni r na l. Dh na z. Th na s. Na h mwanzoni mwa neno, ambayo wengine huimeza. Kuna pia swali la nafasi: je, ni neno moja au mawili? Asiyeambiwa hatajua.

Kwa kufuata kipimo hicho, wanafunzi wanakuja na jina la tatu, "Pimagogo". Kwa masikio limefuzu: hakuna r wala l, hakuna h, na kila silabi ni nyepesi. Limeanza na kitenzi ambacho mkulima mwenyewe angeweza kukiandika. Tena ni neno lililoundwa, kwa hiyo si rahisi kulikuta kwa mwingine. Hata hivyo, kabla ya kushangilia, mtu hana budi kuwatazama majirani wa jina, yaani maneno yote yaliyo umbali wa hatua moja. Ongeza n kabla ya g ya mwisho, nalo linakuwa "Pimagongo". Kila Mtanzania anajua gongo ni nini, na si kitu cha kupimwa hadharani. Mzaha huo ungezaliwa siku ya kwanza na usingekufa. Umbali wa herufi moja kati ya jina na neno lisilo na maana hauna madhara makubwa. Umbali huo huo kati ya jina na neno linalojulikana na wote ni hatari. Hatari yenyewe ni mbili kwa pamoja: watu watalikosea kwa kucheka, na mashine, ikiona neno isilolijua karibu na neno inalolijua, inaweza kudhani mtafutaji amekosea na kumletea matokeo ya lile la pili.

Hapa inafaa kusema kwa nini majina mafupi huangukia mtego huu zaidi. Neno la herufi nne, ukibadilisha herufi moja tu kwa alfabeti ya herufi 26, lina majirani 4 × 25, yaani 100. Si wengi. Lakini silabi za Kiswahili ni chache na nyingi zina mpangilio mmoja, konsonanti kisha irabu, na kwa sababu hiyo kadhaa kati ya majirani hao ni maneno halisi. "Miti" imezungukwa na mito, mita, kiti, viti na siti. Neno la herufi nane au tisa lina majirani wengi zaidi kwa hesabu, ila karibu wote ni watupu.

Jina la nne ni "Mitipima". Lina herufi nane, halina sauti za kutatanisha, na majirani wake wa hatua moja hawana maana yoyote. Linaanza na "miti", umbo la wingi ambalo mwenye shamba hulitumia. Lakini hapa kipimo cha Levenshtein kinaonyesha mpaka wake. Mtu aliyelisikia jana anaweza kulikumbuka kinyume, "Pimamiti". Tukiyalinganisha majina hayo mawili herufi kwa herufi, ni i ya pili na i ya sita tu zinazopatana. Zilizobaki sita hubadilishwa zote, na hakuna njia ya mkato. Umbali ni 6 kati ya herufi 8. Kwa hesabu hiyo ni majina yaliyo mbali kabisa. Kwa akili ya binadamu ni jina lile lile lililogeuzwa. Kwa hiyo, anayechunguza kama jina lake linafanana na la mwingine asitosheke na herufi. Alivunje jina katika vipande vyenye maana, avigeuze, atafute kila mpangilio: "mitipima", "miti pima", "pimamiti", "pima miti", hata "pima mti". Akikuta programu ya kazi ile ile chini ya mojawapo, arudi mezani.

Uchunguzi huo ufanywe katika Play Store na App Store zote mbili, na kwa simu ya mtu mwingine, maana matokeo hutegemea nchi, lugha ya simu na yale ambayo mwenye simu ameyatafuta zamani. Maduka haya mawili hayana sheria moja. App Store hukataa jina ambalo tayari limeshikwa na programu nyingine. Play Store huweza kubeba programu mbili zenye jina moja, na yanayozitofautisha mbele ya mteja ni picha na jina la mtengenezaji tu. Kwa hiyo kukubaliwa na Play Store si ushahidi kwamba jina liko huru.

Ushahidi wa upande huo unatafutwa kwingine. Kwa Tanzania Bara, alama za biashara na huduma husajiliwa na BRELA chini ya sheria ya mwaka 1986; Zanzibar ina msajili wake, BPRA, na usajili wa upande mmoja haulindi upande wa pili. Programu za kompyuta huwekwa katika daraja la 9 la uainishaji wa kimataifa wa bidhaa. Usajili wa kwanza wa Bara hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Jambo la kuangaliwa ni kwamba neno linaloeleza bidhaa tu halisajiliki kwa urahisi, kwa kuwa lingemnyima jirani haki ya kueleza bidhaa yake. "Pima Miti" lingekwama hapo. "Mitipima" lina hoja nzuri zaidi, ingawa msajili anaweza kubisha. Jina la mahali kama Mgololo nalo lina ugumu wake kwa sababu iyo hiyo.

Msomaji asidhani kwamba kufanana kwa majina ni usumbufu mdogo tu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa njia ya mtandao bila leseni. Anayeisoma orodha hiyo ataona maneno machache yakijirudia katika majina mengi: pesa, mkopo, cash, loan. Mtu aliyeambiwa na rafiki "pakua ile ya mkopo" hakuwa na njia ya kujua ni ipi, na programu za aina hiyo zimelalamikiwa kwa kuchukua orodha ya namba zilizomo katika simu ya mkopaji na kuwasumbua jamaa zake. Jina la jumla huwa pazia zuri kwa asiyetaka kujulikana. Kwa sababu hiyo hiyo halimfai mtu mwenye kazi halali.

Tumalizie na namna ya kulivalisha jina. Tangu mwaka 2021 Play Store imeruhusu herufi 30 tu katika jina, nafasi na alama zikihesabiwa. Zamani zilikuwa 50. App Store nayo ni 30. Duka la Google halikubali maneno ya kujisifu kama vile kwamba programu ni bora au ya bure, wala vikatuni vya nyuso. Mpango ninaoupendelea ni jina lenyewe kwanza, kisha nukta mbili, kisha maneno ambayo mtu asiyelijua jina angeyaandika:

```
Mitipima: Ujazo wa Magogo
```

Herufi hizo ni 25. Play Store ina pia maelezo mafupi yasiyozidi herufi 80, na humo ndimo tunaweka yale maumbo tuliyoyakosa juu:

```
Kadiria ujazo wa mti uliosimama, gogo au mbao, hata pasipo mtandao.
```

Hizo ni 67, na sasa "mti", "gogo" na "mbao" yote yamo bila kurundikwa. Wapo wanaojaza nafasi hii kwa maneno kumi yasiyo na kiungo. Kufanya hivyo ni kinyume cha sheria za duka, na msomaji hukimbia. Neno "ujazo" lenyewe tulilitilie shaka kidogo: ni neno la shuleni. Kabla ya kuliweka, wanafunzi waende sokoni wawaulize wenye miti kumi wangeandika nini simuni wakitaka kujua mti wao una kiasi gani. Wakijibu kwa neno jingine, lipewe nafasi hiyo hilo jingine.

Chini ya picha ya programu, katika uso wa simu, nafasi ni ndogo zaidi. Baada ya herufi kama kumi na mbili simu nyingi hukata. Hapo huandikwa "Mitipima" peke yake:

```
<string name="app_name">Mitipima</string>
```

Liko jina moja zaidi, nalo wateja wengi hawalioni kamwe. Kila programu ya Android ina kitambulisho kisichofanana na cha nyingine yoyote katika Play Store, na kikishachapishwa hakibadiliki. Jina la dukani linaweza kubadilishwa kesho. Kitambulisho hakiwezi, isipokuwa kwa kutoa programu mpya kabisa na kupoteza watumiaji na sifa za ile ya zamani. Wanafunzi wengi huanza kazi kwa jina la mzaha, au kwa lile la mfano lililomo katika kitabu, wakidhani watalisahihisha baadaye. Basi mstari huu uandikwe baada ya imla na uchunguzi wa dukani, na uwe wa anwani ya mtandao ambayo shule inaimiliki kweli. Hapa tumeweka anwani ya kubuni:

```
applicationId = "tz.sc.shuleyetu.mitipima"
```

Programu ikishapokelewa, wasubiri siku chache ili duka liiingize katika faharasa yake, kisha waandike "mitipima" katika simu ya mtu ambaye hajawahi kuisikia. Ikitokea ya kwanza, waandike "miti pima", halafu "pima miti", na hatimaye "ujazo wa magogo", wakiandika daftarini kila mara imetokea mstari wa ngapi. Zoezi hilo lirudiwe baada ya mwezi, kwa maneno yale yale na simu ile ile.